Muhtasari wa kikao kwa mitindo mitatu: upi unatenganisha vizuri maazimio, mjadala na kazi?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 24, sanduku lenye kufuli tatu, na katibu mmoja ambaye ni mimi. Kwa miaka kadhaa niliandika mihtasari kama nilivyofundishwa: "Mwenyekiti alifungua kikao, akawashukuru wajumbe, kisha mjumbe mmoja akasema, mwingine akajibu," mpaka ukurasa wa nne. Siku tuliyokwenda kubadili mtia saini wa akaunti, mhudumu wa benki alipokea muhtasari wangu, akaupekua mbele na nyuma, akauliza, "Azimio liko wapi?" Lilikuwa ukurasa wa tatu, katikati ya aya, na nilikuwa nimeandika "ilipendekezwa". Kupendekeza si kuamua. Tulirudi nyumbani mikono mitupu.

Tangu siku hiyo nimejaribu mitindo mitatu. Yote hutenganisha maazimio, mjadala na kazi walizopewa watu, ila kila mmoja huyapanga kwa namna yake, na kila mmoja una mahali unapoangusha. Nitaipitisha yote kwenye kikao kimoja ili ulinganishe mwenyewe.

Maandishi ya daftari

Hiki ni kikao cha Jumamosi, 10 Mei 2025. Haya ndiyo niliyoandika papo hapo, goti likiwa meza, nikiacha tu sehemu za salamu na michango ya wiki:

> sa 10:25. wapo 19. udhuru 3. wengine ?
>
> MKOPO Na. 14 – 400,000 bado 260,000, wiki 5. mtoto mgonjwa. Mzee: katiba ifuatwe, jana fulani alitozwa. M/hazina: faini ikipanda hatalipa kabisa. kelele. → hadi mwisho wa mwezi, faini isimame. ndiyo 12 hapana 5
>
> AKAUNTI – m/hazina anahamia Dodoma mwezi ujao. Mpya = katibu msaidizi. wote sawa. barua, picha
>
> VITI – 100. duka la kwanza 13,500 wanaleta. la pili 12,800 usafiri wetu 60,000. miguu myembamba. Bei ya tatu? M/kiti: sawa. mtu aende Kariakoo Jumamosi

Ukiyatazama haraka, unaona maamuzi matatu. Ukiyatazama kwa makini, yapo mawili tu, na moja kati ya hayo mawili lina neno lenye sumu.

Neno lenyewe ni "isimame". Faini ikisimama, imekoma kuongezeka, au imebaki pale pale haitenguliwi? Kwa Kiswahili chetu yote mawili yanasemwa hivyo hivyo. Katiba yetu inatoza Sh. 5,000 kwa kila wiki ya kuchelewa, kwa hiyo wiki tano ni Sh. 25,000. Mdaiwa angeweza kusema amesamehewa, na Mzee aliyepinga angeweza kusema faini imethibitishwa, na wote wangekuwa na haki mbele ya daftari langu. Nilimpigia mwenyekiti usiku ule ule, kisha nikampigia Mzee kwa sababu ndiye aliyekuwa upande wa pili. Wote wawili walikumbuka kitu kimoja: Sh. 25,000 zilizokwisha kutozwa zinalipwa, ila mpya hazitozwi hadi mwisho wa mwezi. Ningesubiri wiki, nina hakika ningepata majibu mawili.

Kwenye viti, "M/kiti: sawa" inashawishi sana kuandikwa kuwa azimio. Lakini sawa ya nini? Mwenyekiti alikubali bei ya tatu itafutwe, basi. Hakuna aliyeamua kununua, wala duka halikuchaguliwa. Na "mtu aende Kariakoo" ni kazi isiyo na mtu.

Azimio na kazi si kitu kimoja

Kabla ya kuchagua mtindo wowote lazima vitu hivi viwili viachane, kwa sababu katika maandishi ya haraka hukaa kwenye sentensi moja. Mimi hujiuliza: jambo hili linaweza kumalizika na kuwekewa alama ya vema? Likiweza, ni kazi. Lisipoweza, ila linabaki na nguvu mpaka kikao kingine kilibadilishe, ni azimio.

Chukua akaunti. "Katibu msaidizi awe mtia saini" ni azimio: halina siku ya kwisha, na mwenyewe ni kikao kizima. Kuandika barua ya benki, kukusanya picha za pasipoti na kwenda dirishani ni kazi tatu, kila moja ina mtu mmoja na tarehe moja, na zikishafanyika zinatoka kwenye hesabu. Ukiandika "ilikubaliwa kuwa barua ya kubadili mtia saini iandikwe benki", umeandika kazi na kulisahau azimio. Ukifika benki utarudishwa nyumbani, kama mimi ile siku ya kwanza.

Vitenzi vya kiofisi navyo vina ngazi zake, na anayesoma muhtasari akiwa nje ya kikundi huzisoma hivyo. Kikao *kikipokea* taarifa, kimeisikia tu; hakijasema ni ya kweli wala nzuri. *Kikiidhinisha*, kimeruhusu kitu kilicholetwa mbele yake, mara nyingi fedha. *Kikiazimia*, kimeamua chenyewe. *Kikiagiza*, kimempa mtu kazi. Nimeona mihtasari inayosema kikao "kilipokea" matumizi ya Sh. 300,000, kisha watu wakashangaa mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha.

Halafu kuna kauli yetu ya kutendwa, maficho mazuri kuliko yote. "Itafuatiliwa." "Iliagizwa suala lishughulikiwe." Sentensi imenyooka, ina heshima, na haina mtu ndani yake. Kila ninapokuta kitenzi cha namna hiyo kwenye daftari langu, nauliza nani. Jibu likiwa "wajumbe wote", bado sijajibiwa.

Sasa tuione mitindo.

Mtindo wa kwanza: kila ajenda na sehemu zake tatu

Huu uko karibu na muhtasari wa kawaida wa ofisini. Ajenda zinafuatana kama zilivyojadiliwa, ila ndani ya kila ajenda kuna vichwa vidogo vitatu: Mjadala, Azimio, Kazi. Ajenda ya mkopo ilitoka hivi:

> AJENDA 3: MKOPO ULIOCHELEWA WA MWANACHAMA NA. 14
>
> Mjadala. Mweka hazina alitoa taarifa kuwa kati ya mkopo wa Sh. 400,000 zimebaki Sh. 260,000, na marejesho yamechelewa kwa wiki 5. Mwanachama alieleza kuwa amekuwa akiuguza mtoto. Zilitolewa hoja mbili: kwamba faini ya katiba itozwe kwa wote bila kubagua, kwa kuwa wengine wamewahi kutozwa, na kwamba faini ikiendelea kupanda, deni lenyewe litashindwa kulipika.
>
> Azimio 3/10-05-2025. Kikao kiliazimia, kwa kura 12 za ndiyo, 5 za hapana na 2 zisizofungamana na upande, kwamba: (a) mwanachama Na. 14 amalize deni la Sh. 260,000 ifikapo 31 Mei 2025; (b) faini ya Sh. 25,000 iliyokwisha kutozwa inabaki na atailipa ndani ya muda huo; (c) faini mpya haitatozwa kati ya 10 na 31 Mei 2025.
>
> Kazi. Mweka hazina kumpa mwanachama Na. 14 maelezo ya deni kwa maandishi, jumla Sh. 285,000, ifikapo 17 Mei 2025.

Tazama kura. Daftarini nilikuwa na 12 na 5 tu, nao waliohudhuria ni 19, kwa hiyo wawili walikuwa wamepotea. Mmoja ni mdaiwa mwenyewe, mwingine mwenyekiti. Katiba yetu inaruhusu kikao kusimamisha faini kwa kura za zaidi ya nusu ya waliohudhuria, na 12 kati ya 19 inatosha. Bila idadi ya waliohudhuria na bila kura, azimio hili lingekuwa na sura ya watu kumhurumia mwenzao kinyume cha katiba. Ndiyo maana mahudhurio hayafai kuachwa na alama ya kuuliza. Nilipitia rejista: waliotoa udhuru 3, wasio na taarifa 2, jumla 24.

Tazama pia mjadala ulivyo mfupi. "Kelele" hazimo, na "Mzee" hayumo kwa jina, ila hoja yake imo, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali. Kanuni za mikutano ambazo Mmarekani Henry Martyn Robert alizichapisha mwaka 1876 zina msimamo mkali zaidi: muhtasari uandike kilichofanyika, si kilichosemwa. Upande wa pili kabisa kuna Hansadi ya Bunge, inayochukua maneno ya kila mbunge. Kikundi kama chetu hakihitaji Hansadi, lakini msimamo wa Robert mtupu nao hautufai, kwa sababu mwakani mtu mwingine atachelewa, naye atataka kujua kwa nini Na. 14 alisimamishiwa faini. Sababu moja au mbili za kila upande zinatosha.

Uzuri wa mtindo huu ni kwamba azimio linakaa na sababu yake. Benki ikitaka sehemu ya akaunti peke yake, unakata ajenda moja nzima, unaambatanisha ukurasa wa mahudhurio na wa saini, na inajitosheleza. Namba ya azimio, inayobeba tarehe ya kikao, hukuwezesha kulitaja miaka mitatu baadaye bila kusimulia upya.

Ubaya wake: kazi zimetapakaa. Kikao chenye ajenda nane kinaweka kazi za mweka hazina kurasa tano tofauti, na mweka hazina, kama binadamu wengine, husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katibu naye, akiandaa "Yatokanayo" ya kikao kijacho, hulazimika kuzichambua kazi kama anayechagua mchele. Mara mbili niliruka kazi kabisa, na hakuna aliyegundua mpaka ikawa tatizo.

Mtindo wa pili: maazimio na kazi mbele, mjadala nyuma

Hapa ukurasa wa kwanza, baada ya mahudhurio, unabeba maazimio yote kwa namba, kisha orodha ya kazi zote. Mjadala unafuata baadaye, ajenda kwa ajenda, kwa anayeutaka.

Kwa kikao chetu, ukurasa wa kwanza ulikuwa na maazimio mawili tu: la mkopo na la akaunti. La akaunti lilisomeka hivi: "Azimio 4/10-05-2025. Kikao kiliazimia kwa kauli moja kuwa kuanzia 1 Juni 2025 mweka hazina wa sasa akome kuwa mtia saini wa akaunti ya kikundi, na katibu msaidizi achukue nafasi hiyo. Watia saini watakuwa mwenyekiti, katibu na katibu msaidizi." Kwenye nakala halisi majina yote yaliandikwa kamili, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho. Usimwachie mhudumu wa benki abahatishe kama "Mama Fulani" ni yule yule wa kitambulisho.

Wale watano ambao hawakuja wanaupenda mtindo huu kuliko wote. Ukurasa mmoja kwenye WhatsApp, umesomwa, umekwisha. Na watu wa nje, kama afisa maendeleo ya jamii anayepitia makaratasi ya kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri, hawana haja ya kupita kwenye mtoto mgonjwa ili wafike kwenye azimio.

Lakini mtindo huu una hatari ambayo sikuiona hadi iliponipata. Azimio likitengwa na mjadala wake, masharti huanza kudondoka. Unaandika kwa ufupi kwa sababu ukurasa ni mmoja: "Na. 14 aongezewe muda hadi 31 Mei, faini isitozwe." Vipande (a), (b) na (c) vimeminywa vikawa sentensi moja, na zile Sh. 25,000 zimepotea. Kule nyuma kwenye mjadala umeandika vizuri kwamba faini ya zamani inabaki. Sasa una muhtasari mmoja wenye matoleo mawili ya azimio moja, na mdaiwa atashika la mbele.

Dawa niliyoipata ni kwamba maneno ya azimio yaandikwe mahali pamoja tu, mbele, kwa ukamilifu wake wote hata likichukua mistari sita. Kule nyuma mjadala unaishia na "Tazama Azimio 3" bila kulirudia kwa maneno mengine. Ukijikuta unalifupisha ili lienee, punguza salamu na shukrani za kufungua kikao, azimio liache.

Viti vilileta kero ya namna nyingine. Kwa kuwa hakukuwa na azimio, havikutokea kwenye maazimio hata kidogo, na aliyesoma ukurasa wa kwanza tu alidhani suala limekufa. Ilinibidi niongeze mstari chini ya maazimio: "Hoja iliyoahirishwa: ununuzi wa viti 100, kikao hakikuamua, kitaendelea 24 Mei baada ya kupata bei ya tatu." Tangu hapo sehemu ya hoja zilizoahirishwa haikosekani kwenye mtindo huu.

Mtindo wa tatu: jedwali moja

Safu nne au tano, ajenda moja kwa mstari. Vikao vya kamati ndogo na vya ufuatiliaji huandikwa hivi sana, hasa maofisini.

| Ajenda | Mjadala kwa kifupi | Azimio | Kazi na mtekelezaji | Tarehe |
|---|---|---|---|---|
| Akaunti | Mweka hazina anahamia Dodoma | Katibu msaidizi kuwa mtia saini kuanzia 1 Juni | Katibu: barua ya benki. Katibu msaidizi: picha na nakala ya kitambulisho | 17 Mei |
| Viti 100 | Sh. 13,500 kwa kiti, wanaleta, au Sh. 12,800, usafiri Sh. 60,000 juu yetu. Hivi vina miguu myembamba | Hakuna. Hoja imeahirishwa | Mjumbe wa manunuzi: bei ya tatu | 17 Mei |

Nguvu ya jedwali ni chumba kitupu. Kwenye aya ndefu kazi isiyo na mtu hupita bila kuonekana; kwenye jedwali inakukodolea macho. "Mtu aende Kariakoo" ilipofika kwenye safu ya mtekelezaji nilikwama pale pale. Katibu hana mamlaka ya kumpa mtu kazi ambayo kikao hakikumpa, kwa hiyo nilimrudia mwenyekiti, naye akampa mjumbe wa manunuzi Jumapili asubuhi. Chini ya jedwali nikaandika ukweli wenyewe: "Mtekelezaji hakutajwa kikaoni, mwenyekiti alimteua 11 Mei 2025, na mhusika amekubali." Kuandika kana kwamba kikao ndicho kilichomteua ungekuwa uongo mdogo, na uongo mdogo kwenye muhtasari hugunduliwa siku kazi inapokwama.

"Jumamosi" ya daftarini ikawa 17 Mei, siku saba baada ya kikao. Siku za wiki zisizo na tarehe ni kama "isimame" ile: anayesoma Jumatatu ya wiki inayofuata atakuwa na Jumamosi yake.

Lakini chumba kitupu kina ubaya wake pia. Kinatamani kujazwa. Mara ya kwanza nilipoandika mstari wa viti, safu ya azimio ilikuwa wazi, nami mkono ukanituma kuandika "Vinunuliwe vya Sh. 13,500", maana wengi walielekea huko. Hesabu nayo ilinishawishi: 100 kwa 13,500 ni Sh. 1,350,000, 100 kwa 12,800 ni Sh. 1,280,000, ukiongeza usafiri inakuwa Sh. 1,340,000. Tofauti ya Sh. 10,000 tu, kwa miguu minene! Ni uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili angeufanya. Shida ni kwamba kikao hakikuufanya. Maneno "Hakuna; hoja imeahirishwa" yaandikwe bila aibu.

Na jedwali halina nafasi ya jambo zito. Azimio la mkopo, lenye vipande vitatu na kura, nililibana mpaka safu ikawa nyembamba na ndefu kama mnazi. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi: safu tano kwenye kioo kidogo maana yake ni kuvuta kushoto na kulia, na msomaji anaishia kuona mjadala bila kuona tarehe. Kama wanachama wako wanasoma kwa simu, tumia safu tatu, na mjadala uuandike chini ya jedwali.

Kazi ya kuchambua ni ile ile

Mtindo wowote utakaochagua, maandishi ya daftari huchambuliwa kwa mpangilio mmoja, na mpangilio huo si ule wa kikao. Mimi hupita mara tatu kwa kalamu ya rangi nyingine. Mara ya kwanza nazungushia maazimio peke yake na kuyaandika kamili. Mara ya pili napigia mstari kazi, na kila moja naitafutia mtu na tarehe. Mjadala nauandika mwisho, kwa sababu nikishajua kilichoamuliwa najua pia ni hoja zipi zilizofika mpaka kwenye uamuzi na zipi zilikuwa za kupitisha muda. Zamani nilianza na mjadala kwa kuwa ndio uliotangulia kikaoni, na kila mara nilifika kwenye azimio nikiwa nimechoka.

Nafanya hivyo usiku wa siku ya kikao au kesho yake. Maswali yanayobaki, na kwa kikao hiki yalikuwa matatu, nayauliza kwa simu kabla rasimu haijamfikia mwanachama yeyote.

Hata baada ya hapo inabaki rasimu mpaka kikao kijacho kiithibitishe na mwenyekiti na katibu waisaini. Anayesema kuna kosa hueleza kosa la kumbukumbu tu: kura hazikuwa 12, au tarehe haikuwa 31. Aliyepiga kura ya hapana akitaka kufungua upya suala la faini wakati wa kuthibitisha, huyo anatafuta ajenda mpya. Marekebisho huandikwa kwenye muhtasari wa kikao kinachothibitisha, na ule wa zamani haufutwi kwa wino mweupe.

Uchague upi

Kikao cha kamati ya watu watano kinachokutana kila wiki kufuatilia mambo yale yale: jedwali. Hapo hakuna hoja nzito, na msomaji anatafuta jina lake tu.

Mkutano mkuu wa mwaka, au kikao ambacho nusu ya wanachama hawakuja na watasoma kwa simu: maazimio mbele. Uwe tu na nidhamu ya kutolifupisha azimio, na usiisahau sehemu ya hoja zilizoahirishwa. Katibu asiye na muda wa kuhakiki mara mbili, ningemshauri auache.

Kikao cha kawaida cha kikundi chenye fedha za watu, chenye katiba, na ambacho kesho kinaweza kuulizwa na benki au na mwanachama aliyeondoka: mtindo wa kwanza, ajenda kwa ajenda. Ndio ninaoutumia sasa, ila ukurasa wa mwisho nimeuwekea jedwali dogo la kazi: namba ya azimio au ajenda, kazi, mtu, tarehe. Jedwali hilo halina maneno ya azimio, namba tu, kwa hiyo hakuna matoleo mawili. Na kwa kuwa liko ukurasa wa mwisho, mweka hazina wangu analisoma.

Maazimio nayanakili pia kwenye daftari lake la pekee, namba na maneno, mfululizo tangu mwanzo wa mwaka. Kazi haziingii humo, kwa kuwa zikikamilika zimekwisha, maazimio yanaishi. Alipokuja mwanachama mpya kuuliza kama tumewahi kumsimamishia mtu faini, sikufungua mihtasari kumi, nilifungua daftari moja.

Tarehe 24 Mei jedwali la kazi lilinakiliwa jinsi lilivyo likawa Yatokanayo, na safu moja ikaongezwa ya utekelezaji. Mstari wa mkopo: maelezo yalikabidhiwa 16 Mei, imekamilika. Mstari wa akaunti: barua na picha tayari, hatujaenda. Mstari wa viti: mjumbe wa manunuzi alifika Kariakoo tarehe 17, akapata viti vya miguu minene kwa Sh. 13,000, vinaletwa hadi mlangoni. Safari hii mwenyekiti aliuliza, "Tunaazimia?" nami nikasubiri mikono ishuke ndipo nikaandika.